Shajara ya Mradi: Majina Yaliyo Sawa kwa Macho na Tofauti kwa Baiti

Siku ya 1

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam hushughulikia mizigo inayopita bandarini kwenda Kongo, na kazi niliyokabidhiwa ni kuunganisha vitu viwili ambavyo hadi sasa vimekaa mbalimbali. Cha kwanza ni jedwali la wateja lililomo katika hifadhidata, ambalo majina yake huandikwa na makarani wetu kupitia fomu ya kwenye kivinjari. Cha pili ni kabrasha la nakala za hati, yaani pasipoti na barua za uwakilishi, ambazo nyingi huletwa na mwenzetu wa Lubumbashi zikiwa tayari zimepewa majina ya wateja. Programu ninayoiandika inachukua jina la kila mteja, inaliongezea `.pdf`, kisha inaangalia kama faili lenye jina hilo limo ndani ya kabrasha.

Leo nimeiendesha kwa mara ya kwanza. Kati ya wateja 412, programu inasema 61 hawana hati.

Karani wa dawati la mizigo alikuja mezani kwangu kabla sijamaliza kusoma orodha. "Kaka, huyu Désiré hati yake ipo. Nimeifungua mwenyewe asubuhi na kuichapa. Mbona mfumo wako unasema haipo?" Nilimwomba anioneshe, akanionesha. Jina la faili ni `Désiré.pdf`, na jina la mteja kwenye jedwali ni `Désiré`. Nililikuza andiko kwenye skrini nikitafuta nafasi iliyojificha mwishoni au herufi iliyoachwa, nisione tofauti yoyote.

Siku ya 2

Niliwapanga wateja wote 61 katika orodha moja na jambo likajitokeza bila kutafutwa sana: majina 58 kati yao yana herufi yenye alama ya lafudhi, kama vile Désiré, Hélène na François. Hata hivyo kuna majina mengine 23 yenye alama hizo hizo ambayo programu imeyapata bila shida. Kwa hiyo si kweli kwamba programu haiwezi kusoma alama. Ingekuwa hivyo, yote yangeshindikana kwa pamoja. Tofauti lazima iwe ndani ya majina yenyewe.

Nikaacha kutazama skrini na kuiomba Python inioneshe kilichomo ndani. Kitendaji `ascii` kinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu kinaandika nambari ya kila herufi iliyo nje ya alfabeti ya kawaida badala ya kuichora.

```python
>>> print(ascii(jina_la_jedwali))
'D\xe9sir\xe9'
>>> print(ascii(jina_la_faili))
'De\u0301sire\u0301'
>>> len(jina_la_jedwali), len(jina_la_faili)
(6, 8)
```

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Katika jedwali, é ni herufi moja yenye nambari yake, U+00E9, na hili ndilo umbo lililounganishwa. Katika jina la faili, é ni vitu viwili vinavyofuatana: e ya kawaida, U+0065, kisha alama ya lafudhi inayosimama peke yake, U+0301, ambayo kazi yake ni kupanda juu ya herufi iliyoitangulia. Hili ndilo umbo lililotenganishwa. Skrini huchora yote mawili kwa namna moja, na ndivyo inavyopasa kufanya, kwa kuwa Unicode yenyewe inatamka kwamba maumbo hayo mawili ni sawa kwa maana na kwa mwonekano. Lakini ishara ya `==` ya Python haijui habari ya maana. Hulinganisha nambari moja baada ya nyingine, na kwenye nafasi ya pili inakuta U+00E9 upande mmoja na U+0065 upande mwingine, ikatoa jibu kwamba havilingani. Kwenye diski hali ni ile ile: kwa UTF-8 jina la kwanza lina baiti 8 na la pili lina baiti 10.

Nimelieleza hili kwa karani kwa kalamu na karatasi. Niliandika é kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu, kisha nikaandika e, nikainua kalamu, nikaweka alama juu yake. Karatasi inaonesha kitu kile kile mara mbili, ila mkono unajua kwamba umefanya kazi mbili tofauti. Alielewa papo hapo, na swali lake lililofuata lilikuwa ndilo nililopaswa kuwa nimejiuliza tayari: ni nani anayeandika kwa mikono miwili?

Siku ya 3

Jibu limepatikana kwa simu moja kwenda Lubumbashi. Mwenzetu huko hutunza hati zake kwenye diski ya nje ya zamani yenye mfumo wa mafaili wa HFS+. Mfumo huo, kwa jinsi ulivyobuniwa, hutenganisha alama katika kila jina la faili kabla ya kuliandika, hata kama mtumiaji ameandika é kwa kubonyeza mara moja. Mfumo uliokuja baada yake, APFS, haufanyi hivyo. Huliacha jina kama lilivyoletwa. Yale majina 23 yaliyopatikana bila shida karibu yote ni ya hati zilizopigwa picha hapa hapa Dar es Salaam na kupewa majina kwa kibodi zetu, ambazo hutoa umbo lililounganishwa.

Kilichoniponza zaidi ni kwamba seva yetu ni ya Linux, na mfumo wake wa mafaili, ext4, kwa kawaida hulichukulia jina la faili kuwa ni baiti tu. Haugusi chochote. Jina likifika likiwa limetenganishwa hubaki hivyo, na jina lililounganishwa linaweza kukaa kando yake ndani ya kabrasha moja kama mafaili mawili tofauti ambayo orodha itayaonesha kwa andiko moja.

Siku ya 4

Mwenzangu wa dawati la pili alipendekeza njia ya mkato, nami niliijaribu kwa saa nzima kabla ya kuiacha. Alisema tutenganishe kila jina, kisha tufute alama zote, tubaki na herufi tupu. Kweli, Désiré wa jedwalini na Désiré wa kabrashani wote wanakuwa Desire, na hesabu ya wanaokosa hati inashuka mara moja.

Tatizo ni kwamba tunao wateja wawili, mmoja akiitwa Désiré na mwingine Desire bila alama yoyote, na kila mmoja ameandika jina lake kama lilivyo katika pasipoti yake. Njia ya mkato iliwageuza kuwa mtu mmoja. Programu ilichukua pasipoti ya wa kwanza ikaipachika kwa wa pili bila kulalamika, na kama ingekuwa siku ya kazi halisi, kontena la mtu lingeweza kutolewa kwa hati za mtu mwingine. Hitilafu inayosema "sijaona hati" humfanya karani atafute. Hitilafu inayotoa hati isiyo yake hakuna anayeishtukia.

Tumekubaliana kwamba kufuta alama kuna mahali pake, nako ni kwenye kisanduku cha kutafutia, ambapo karani mwenye haraka anaandika `desire` na kuletewa wote wawili ili achague mwenyewe. Katika kuamua kama majina mawili ni jina moja, hakuna alama itakayofutwa.

Siku ya 5

Njia sahihi ni usawazishaji wa Unicode, yaani kuyapeleka majina yote mawili kwenye umbo moja lililokubaliwa kabla ya kuyalinganisha. Maumbo yapo manne. NFD hutenganisha kila kinachoweza kutenganishwa, na huzipanga alama kwa utaratibu maalumu pale zinapokuwa zaidi ya moja juu ya herufi. NFC hufanya hayo hayo, kisha huunganisha tena kila kinachoweza kuunganishwa. NFKD na NFKC huenda mbali zaidi, kwani huondoa pia tofauti ambazo Unicode huzihesabu kuwa za sura tu.

Kwa kulinganisha pekee, NFC na NFD hutoa jibu moja. Ilimradi pande zote mbili zipite njia ile ile, hakuna kosa. Nimechagua NFC kwa sababu kibodi zetu tayari huandika hivyo, kwa hiyo majina mengi hayatabadilika hata kidogo.

Nilizipima pia zile mbili zenye K, kwa kuwa mwenzangu alikuwa amesoma kwamba zinasawazisha zaidi. Ni kweli, na hapo ndipo zinapotudhuru. Katika maelezo ya mizigo tunaandika ujazo kama `12 m³`, na NFKC inaugeuza kuwa `12 m3`, jambo ambalo pengine mtu angelivumilia. Lakini mtu akiandika `10²`, NFKC inatoa `102`, na hiyo ni namba nyingine kabisa. Maumbo hayo tumeyaacha.

Msimbo wenyewe ni mfupi. Jambo la kuangalia ni kwamba siwezi kusawazisha jina la faili kisha nikajaribu kulifungua kwa jina jipya, maana ext4 itatafuta baiti hizo na kusema faili halipo. Jina lililosawazishwa linatumika kama ufunguo wa kulinganisha tu, na jina asilia linahifadhiwa kwa ajili ya kufungulia.

```python
import os
from unicodedata import normalize

ramani = {}
for jina in os.listdir(kabrasha):
    ufunguo = normalize("NFC", jina)
    ramani.setdefault(ufunguo, []).append(jina)

def tafuta(mteja):
    return ramani.get(normalize("NFC", mteja + ".pdf"), [])
```

Nimeweka orodha mbele ya kila ufunguo badala ya jina moja kwa makusudi. Kama mafaili mawili yana ufunguo mmoja nataka niyaone yote, kwa sababu jina la pili lingelifuta la kwanza kimyakimya. Nimesawazisha pia baada ya kuongeza `.pdf`, si kabla. Kwa kiambishi hiki haileti tofauti, lakini ni desturi ninayotaka timu iishike: vipande viwili vilivyosawazishwa kila kimoja peke yake vinaweza kuunganishwa na kutoa kitu ambacho hakijasawazishwa, kwa mfano kipande cha kwanza kikiishia na e na cha pili kikianza na U+0301.

Nimeiendesha tena. Wasio na hati wameshuka kutoka 61 hadi 4.

Siku ya 8

Hao wanne wamenichukua siku nzima ya leo. Mmoja ni kweli hajaleta hati. Watatu ni akaunti ambazo tunaziandika kwa jina la mteja pamoja na mahali mzigo wake unapohifadhiwa, nao wote wanahifadhi Chang'ombe.

`Hélène Chang'ombe` kwenye jedwali na `Hélène Chang’ombe.pdf` kwenye kabrasha. Safari hii é zimelingana. Kilichotofautiana ni ile ritifaa ya ng'. Karani kwenye kompyuta ameandika U+0027, alama iliyonyooka. Aliyepiga picha kwa simu aliandika jina, na simu ikamrekebishia bila kumuuliza, ikaweka U+2019, alama iliyopinda. Nilidhani NFC itazisawazisha, haizigusi. Nikajaribu NFKC kwa ajili ya uhakika. Nayo haizigusi, kwa sababu kwa Unicode hizo ni alama mbili zisizo na undugu wowote wa kutenganishwa au kuunganishwa. Ipo pia U+02BC, ambayo Unicode inaihesabu kuwa ni herufi na si alama ya uakifishaji, nayo vilevile hubaki ilivyo.

Nikiwa hapo nilijaribu pia alama ya lafudhi iliyosimama peke yake, U+00B4, ambayo baadhi ya watu huitumia kama ritifaa kwa kuwa inapatikana karibu kwenye kibodi zao. NFKC inaigeuza kuwa nafasi ikifuatiwa na U+0301, kwa hiyo Chang´ombe linakatika kuwa maneno mawili. Ningependa kila anayeandika programu za Kiswahili alijue hili, kwa kuwa maandishi yetu karibu hayana herufi zenye alama na ni rahisi kudhani kwamba habari hizi hazituhusu, ilhali ng'ombe, ng'ambo na Chang'ombe tunaviandika kila siku.

Suluhisho ni jedwali dogo letu wenyewe, linalotumika baada ya NFC na katika ufunguo wa kulinganisha tu. Jina lenyewe halibadilishwi.

```python
RITIFAA = str.maketrans({
    "\u2019": "'", "\u2018": "'",
    "\u02bc": "'", "\u00b4": "'",
})

def ufunguo(s):
    return normalize("NFC", s).translate(RITIFAA)
```

Huu ni uamuzi wa ofisi yetu na unafaa kwa majina tuliyonayo. Mahali ambapo U+02BC ni herufi kamili ya lugha, inayotofautisha neno moja na jingine, jedwali hili lingepoteza kitu. Nimeandika sababu hiyo juu ya msimbo, ili atakayekuja baada yangu asilichukue kama kanuni ya Unicode.

Siku ya 9

Leo ilikuwa zamu ya hifadhidata. PostgreSQL, kuanzia toleo la 13, ina kitendaji `normalize` na pia sharti la `IS NFC NORMALIZED`, kwa hiyo sikuhitaji kuyatoa majina nje ili kuyasafisha. Nusura niandike amri ya kusawazisha safu nzima moja kwa moja. Nilijizuia kwa sababu safu ya jina la akaunti ina sharti la kutorudiwa, na sharti hilo, kama `==` ya Python, limekuwa likiyaona maumbo mawili ya Désiré kuwa akaunti mbili halali. Kuyasawazisha bila kuangalia kungegonganisha safu mlalo, na amri yote ingekataliwa. Nilitangulia kuuliza:

```sql
SELECT normalize(jina, NFC), count(*)
FROM wateja
GROUP BY 1
HAVING count(*) > 1;
```

Yametokea majina mawili. Yote ni ya wateja waliowahi kuingizwa kwa kunakili jina kutoka kwenye jina la faili na kulibandika kwenye fomu, badala ya kuliandika. Kila mmoja alikuwa na akaunti mbili, na malipo yake yamegawanyika kati ya hizo mbili. Mhasibu alithibitisha kwamba mmoja wao alidaiwa deni ambalo tayari alikuwa amelilipa. Amempigia simu na kumwomba radhi. Baada ya akaunti kuunganishwa kwa mkono, nilisawazisha safu na kuweka mlinzi mlangoni:

```sql
UPDATE wateja SET jina = normalize(jina, NFC)
WHERE jina IS NOT NFC NORMALIZED;

ALTER TABLE wateja
  ADD CONSTRAINT jina_nfc
  CHECK (jina IS NFC NORMALIZED);
```

Fomu nayo sasa inasawazisha jina kabla ya kulituma. Sharti la hifadhidata lipo kwa ajili ya njia nyingine zote za kuingiza data ambazo fomu haizioni.

Siku ya 10

Programu ya kuchapa vibandiko vya mizigo hukata jina kwenye herufi 20, na nilitaka kujua inakata wapi. Kwa jina lililotenganishwa jibu linaudhi: mkato ukiangukia kati ya e na alama yake, kibandiko kinatoka na e tupu, na kama jina lina alama nyingi mkato unakuja mapema kuliko mtu anavyohesabu kwa macho. Kusawazisha kwa NFC kabla ya kukata kumetibu majina yote ya Kifaransa.

Hakujatibu ya Kilingala. Maandishi ya Kilingala yanayoonesha toni hutumia herufi kama ɔ́ na ɛ́, na kwa hizo Unicode haina umbo lililounganishwa. NFC inaziacha kama U+0254 au U+025B ikifuatiwa na U+0301, na urefu unabaki mbili. Wala hakuna haja ya kungoja ziongezwe, kwa kuwa uunganishaji wa NFC umefungwa kwenye toleo la 3.1 la Unicode, la mwaka 2001, ili maandishi yaliyosawazishwa jana yasiwe hayajasawazishwa kesho. Kwa kulinganisha hili halina madhara, maana pande zote mbili hutoka na umbo lile lile. Kwa kukata, nimeandika kanuni ya ziada: kama herufi inayofuata mkato ni alama ya kuunganika, yaani `unicodedata.combining` inarudisha namba isiyo sifuri, mkato unarudi nyuma hadi kabla ya herufi iliyobeba alama hiyo.

Siku ya 11

Nimepitia funguo zote za kabrasha zenye mafaili zaidi ya moja. Upo mmoja tu, `Zoé.pdf`, wenye mafaili mawili: moja limeunganishwa, jingine limetenganishwa, na ukubwa wao haulingani. Sikufuta lolote. Nilimpigia simu mwenzetu wa Lubumbashi, naye akamuuliza mteja. Faili lililotoka kwenye diski ni la pasipoti ya zamani iliyokwisha muda, na lililopigwa picha hapa Dar es Salaam ni la pasipoti mpya. Muda wote huo orodha ilikuwa ikionesha majina mawili yaliyo sawa, na karani alikuwa akifungua lililotangulia. Nimelibadilisha la zamani jina kuwa `Zoé (iliyokwisha muda).pdf`, na ufunguo wa Zoé sasa una faili moja.